Transista moja, hesabu tatu

Jedwali la transista ndogo huleta vipimo vinne mseto: h11 ni omu 1,000, h12 ni 0.0001, h21 ni 100 na h22 ni mikrosimensi 25. Tukiunganisha mzigo wa omu 2,000, amplifaya itakuza volti mara ngapi?

Njia rahisi ni kuhamia kwenye admitansi, yaani wepesi wa kupitisha mkondo. Kwanza tafuta kitambulishi: h11 × h22 − h12 × h21 = 0.025 − 0.01 = 0.015. Kisha y21 = h21/h11 = simensi 0.1, na y22 = 0.015/1,000 = mikrosimensi 15.

Hapa wanafunzi wengi hushtuka: h22 ilikuwa 25, mbona y22 ni 15? Zote hupimwa upande wa kutokea, ila h22 hupimwa mlango wa kuingilia ukiwa wazi, y22 ukiwa umefungwa kwa waya kwa ishara ya AC. Anayenakili 25 moja kwa moja amekosea.

Mzigo ni mikrosimensi 500, hivyo ukuzaji ni −0.1/0.000515, takriban −194. Alama ya kutoa maana yake wimbi limepinduka.

Impedansi nazo hutoa −194 ileile, kwa z22 = 1/h22 = omu 40,000. Lakini vitabu hupenda kuifanya h22 sifuri ili kurahisisha. Hapo impedansi hazipatikani kabisa, maana huwezi kugawanya kwa sifuri.