Siku Tatu za Mwisho wa Mwezi

Ni tarehe 28. Kijana aliyeajiriwa miezi mitatu iliyopita kuuza sola vijijini Singida ameshafunga mitambo 17. Tageti yake ni 20. Akiifikia, anapewa bonasi ya shilingi 150,000. Akiishia 19, bonasi hana. Kila mtambo una kamisheni ya 20,000. Mteja anatoa kianzio cha 60,000, kisha analipa 35,000 kila mwezi kwa miezi 12, mpaka zitimie 480,000.

Kijana anashika kalamu. Akiandikisha watu watatu, tuseme shangazi, jirani na rafiki yake wa bodaboda, akawalipia kianzio yeye mwenyewe, zitamtoka 180,000. Atapokea kamisheni ya 60,000 na bonasi ya 150,000, jumla 210,000. Faida ni 30,000, na ukoo utawaka taa bure hadi mitambo ijizime kwa kutolipiwa. Huyu hajavunja kufuli la mtu. Amesoma mpango wake wa malipo vizuri kuliko bosi aliyeuandika.

Kampuni hii nimeitunga ili hesabu zionekane, lakini yeyote aliyewahi kusimamia wauzaji wa vitu vya mkopo, iwe sola, simu au bima, anaijua tarehe 28. Ofisini namba 20 inapigiwa makofi. Mwezi wa pili au wa tatu ndipo mtu wa marejesho anagundua kuwa mitambo mitatu imezima, nayo kampuni iliinunua kwa 300,000 kila mmoja na kupokea 60,000 tu. Kinachobaki ni kutuma pikipiki kijijini kufuata betri iliyochoka.

Bosi wengi hapo humfukuza kijana na kuandika onyo ukutani. Mimi ningeanza na karatasi ya malipo, kwa sababu atakayeajiriwa baada yake atapiga hesabu ileile. Karatasi hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni kwamba fedha yote ya muuzaji inatoka siku mtambo unapofungwa, ilhali faida ya kampuni inakuja kidogokidogo kwa mwaka mzima. Baada ya siku ile, mteja akilipa au asilipe, muuzaji hapungukiwi wala haongezewi kitu. La pili ni shimo lililopo kati ya 19 na 20. Mtambo wa 19 unamlipa muuzaji 20,000. Mtambo wa 20 unamlipa 170,000. Ukimwekea mtu tofauti kama hiyo mwishoni mwa mwezi, usishangae akiruka kwa njia yoyote.

Jambo hili halihitaji vijiji wala umaskini. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kuwa wafanyakazi wake walikuwa wakiwafungulia wateja akaunti ambazo wateja wenyewe hawakuziomba. Lengo lililohubiriwa ndani ya benki lilikuwa kila mteja awe na huduma nane, na wa matawini walisukumwa kila siku kuifikia namba hiyo. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi katika miaka kadhaa, na bado mchezo uliendelea. Mwaka huohuo wa 2016 benki ikayaondoa malengo yale ya mauzo matawini.

Turudi Singida tuandike karatasi upya. Kwanza, shimo lizibwe. Bonasi ya 150,000 inaondolewa, na kamisheni inapandishwa kutoka 20,000 hadi 24,000 kwa kila mtambo, uwe wa kwanza au wa thelathini. Ukipenda kuwatia moyo wanaouza sana, ongeza kidogo kuanzia mtambo wa 16, ila nyongeza iwe ya mtambo huo na inayoufuata tu, isirudi nyuma kuigusa 15 ya mwanzo. Ikirudi nyuma, umelichimba shimo lilelile mahali pengine.

Pili, ile 24,000 igawanywe. Shilingi 10,000 zitoke mtambo ukishafungwa na ofisi ikishampigia mteja. Shilingi 6,000 zitoke mteja akimaliza lipo la tatu la kila mwezi, na 8,000 akimaliza la sita. Simu ya ofisi isiwe ya salamu tu. Mteja aulizwe analipa kiasi gani kwa mwezi, kwa miezi mingapi, na nini kinatokea asipolipa. Asipoweza kujibu, maana yake ameuziwa kitu asichokielewa, basi ile 10,000 isubiri mpaka muuzaji arudi kumweleza. Muuzaji akishafunga safari moja ya kurudia kilomita 30 kwa vumbi, mara ya pili ataeleza vizuri palepale.

Sasa mpe kalamu yule kijana wa tarehe 28. Kumlipia shangazi kianzio kutamtoa 60,000, na mkononi ataingiza 10,000. Akitaka zile 14,000 zilizobaki itabidi amlipie pia 35,000 mara sita. Hesabu haina maana tena. Kila mpango wa kamisheni ningeujaribu hivi kabla ya kusainiwa: keti, jifanye muuzaji mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa, tafuta mteja hewa atakayekuingizia faida. Ukimpata, na wao watampata.

Kugawanya malipo, hata hivyo, kunamuumiza zaidi mtu mmoja, naye ni mgeni. Muuzaji wa mwaka mzima ana wateja wa nyuma wanaomtiririshia zile 6,000 na 8,000. Aliyeanza Jumatatu hana hata mmoja. Mwezi wa kwanza huenda akauza mitambo minne, apate 40,000 juu ya mshahara wa msingi, na nauli peke yake iimalize. Mtu wa namna hiyo ama ataacha kazi ama atawauzia wasioweza kulipa, mradi apate 10,000 ya leo.

Kampuni nyingi hutatua hili kwa kumkopesha: chukua 150,000 sasa, tutakukata kwenye kamisheni zijazo. Siupendi utaratibu huu kwa mtu mpya. Unamfanya aanze mwezi wa pili akiwa na deni, na mwenye deni hamchunguzi mteja, anamhitaji tu. Afadhali kima cha chini cha kamisheni kisichodaiwa, kinachopungua kadiri anavyozoea: 150,000 mwezi wa kwanza, 100,000 wa pili, 50,000 wa tatu, kisha basi.

Tuone inavyokwenda. Mwezi wa kwanza anafunga mitambo minne, anastahili 40,000, kampuni inamwongezea 110,000. Mwezi wa pili anafunga minane, anastahili 80,000, anaongezewa 20,000. Mwezi wa tatu anafunga kumi, anapata 100,000 kwa jasho lake. Mwezi wa nne anafunga 11, yaani 110,000, na kati ya wale wanne wa kwanza watatu wamemaliza lipo la tatu, hivyo inaingia 18,000 nyingine. Kufikia mwezi wa saba, tuseme amefunga 12, anapata 120,000 za mitambo mipya. Kati ya wateja 11 wa mwezi wa nne, kumi bado wanalipa, wanamletea 60,000. Watatu wa mwanzo wamefika lipo la sita, wanamletea 24,000. Jumla ni 204,000. Mpango wa zamani ungempa 240,000 kwa mitambo 12, lakini huu bado unapanda: mitambo 12 ya kila mwezi, wateja wote wakilipa, inaishia 288,000. Na mgeni huyu amemgharimu mwajiri 130,000 tu za nyongeza kwa miezi mitatu, pungufu ya nusu ya bei ya mtambo mmoja uliopotea.

Kishawishi kingine ni kumlipa mgeni kwa idadi ya kaya alizotembelea, kwa kuwa mauzo bado hana. Fomu zitajazwa chini ya mwembe. Ziara zihesabiwe, lakini kwa ajili ya mafunzo, mkuu wake aone anakwama wapi. Zisiwe na bei.

Mpango mpya nao una upande wake mbaya. Kwa kuwa fedha ya muuzaji sasa imefungwa kwenye marejesho, wapo watakaoanza kumtisha mteja aliyechelewa, na wapo watakaoiruka nyumba yenye bati chakavu bila hata kubisha hodi. La kwanza linashikwa kwa kumpigia mteja simu tena mwezi wa tatu na kumuuliza nani amemfuata kudai na kwa maneno gani. Kudai liwe jukumu la idara ya marejesho, si la muuzaji. La pili ni gumu zaidi. Mkulima wa alizeti anashika fedha baada ya mavuno, kuanzia Mei, na Februari hana kitu. Ukimpima muuzaji kwa lipo la Februari unamwadhibu kwa sababu ya kalenda ya shamba. Kwa hiyo mlinganishe na wenzake wa eneo lilelile na msimu uleule, na hapo kwenye alizeti ruhusu malipo ya mteja yafuate mavuno, mradi yakamilike kwa mwaka.

Udanganyifu ukianza hauhitaji mpelelezi. Tazama mauzo kwa tarehe: kama nusu ya mitambo ya mtu imefungwa siku tatu za mwisho wa mwezi, uliza. Tazama kianzio: wateja watano tofauti waliolipiwa kwa namba moja ya simu wana la kueleza. Lakini alama iliyo wazi kuliko zote ni mteja aliyetoa kianzio halafu hakulipa hata mara moja. Mtu aliyepatwa na shida kwa kawaida hulipa miezi miwili mitatu kisha akakwama. Asiyelipa kabisa, mara nyingi hakuwa mteja tangu mwanzo. Na mkuu wa timu alipwe kwa masharti hayohayo ya lipo la tatu na la sita. Akilipwa kwa idadi ya mitambo iliyofungwa, ndiye atakayempigia kijana simu tarehe 28 usiku.

Limebaki suala la sheria, nalo ndilo linalonifanya nipendelee kuchelewesha kamisheni kuliko kuitoa yote na kuikata baadaye mteja akishindwa kulipa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimwachii mwajiri kukata mshahara kwa hasara apendavyo: ni lazima kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka ukomo wa makato yote kuwa theluthi mbili ya mshahara. Fedha ambayo mkataba unasema bado haijastahili haihitaji kukatwa. Ila mkataba useme hivyo kwa Kiswahili kinachosomeka, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, pamoja na jibu la swali ambalo kila muuzaji atauliza: nikiacha kazi, zile 6,000 na 8,000 za wateja wangu wanaoendelea kulipa zinakwenda kwa nani? Ningemlipa, kila moja siku yake ikifika, hata akiwa ameshahamia kwa mshindani.