Siku Ngumu ni Jumatano

Timu nyingi za mtaani hucheza Jumapili saa kumi jioni, zikafungwa, na Jumatatu kocha akawaita wachezaji wote uwanjani wakimbie raundi 20. Hasira inapoa, lakini miguu haiponi. Mchezaji aliyemaliza dakika 90 ana misuli iliyochanika vipande vidogo visivyoonekana, hasa kwa kufunga breki ghafla na kutua baada ya kuruka. Maumivu yake hupanda kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Wanga uliotumika ndani ya misuli nao huchukua kama siku mbili kurudi, tena kwa mtu anayekula wali au ugali wa kutosha. Kwa hiyo ratiba ya wiki ipangwe kwa kuuliza swali moja: ni siku ipi iliyo mbali na mechi iliyopita, na pia mbali na mechi ijayo?

Jibu ni Jumatano. Jumatatu ni mapumziko. Jumanne wanakuja wale tu waliokaa benchi au kuingia dakika za mwisho, wacheze watatu kwa watatu kwa dakika 20 hivi, kwa sababu wao hawakupata mazoezi ya mechi na wakiachwa wiki tatu watakata pumzi siku watakayohitajika.

Tuchukue timu yenye watu 18, makipa wawili wakiwemo, inayofanya mazoezi Dar es Salaam baada ya kazi. Jumatano wanaanza saa kumi na moja, maana baada ya saa kumi na mbili na nusu mpira hauonekani vizuri. Robo saa ya kwanza ni kupasha misuli: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa kwenye mstari mmoja na kidole cha mguu. Baada ya hapo, miguu ikiwa bado mibichi, zinakuja mbio sita za mita 25 kwa kasi yote, na dakika nzima ya kutembea katikati. Makocha wengi huziweka mwishoni, wakati mchezaji amechoka na hawezi tena kufikia kasi yake halisi. Msuli wa nyuma ya paja, ule unaowaangusha washambuliaji wetu dakika ya 70, unahitaji kuizoea kasi hiyo kila wiki ili usishtuke Jumapili.

Kisha ndipo kazi yenyewe. Wachezaji 16 wa ndani wanagawanywa timu nne za wanne. Uwanja ni wa mita 30 kwa 25, magoli mawili na makipa wake. Timu mbili zinacheza dakika nne, mbili zinapumzika, halafu zinabadilishana, mpaka kila timu imecheza mara nne. Hiyo ni zaidi ya nusu saa, na kwa kuwa nafasi ni finyu, hakuna pa kujificha: kila mtu anakaba, anageuka na kuruka mara nyingi. Pumzi inajengwa mpira ukiwa mguuni, jambo ambalo raundi haziwezi. Dakika 20 za mwisho wanacheza uwanja mzima.

Ijumaa ni dakika 45 tu. Mbio nne za mita 15, kona, mipira ya adhabu, nani anamkaba nani, basi. Wachezaji watalalamika kwamba hawajatoka jasho, na kocha asiyejiamini atawaongezea. Asifanye hivyo. Jumamosi wanapumzika.

Utajuaje kama kipimo kimezidi? Nusu saa baada ya mazoezi muulize kila mchezaji faraghani: kutoka 0 hadi 10, leo ilikuwa ngumu kiasi gani? Zidisha jibu kwa dakika. Jumatano ya dakika 80 aliyoipa 7 ni 560. Ijumaa ya dakika 45 kwa 4 ni 180. Tazama anayeachana na wenzake. Kijana aliyebeba zege tangu asubuhi anaweza kuipa 9 Jumatano ambayo dereva wa bodaboda ameipa 6. Huyo umpunguzie awamu mbili, usimwite mvivu. Na ikiwa Ijumaa wengi wanaipa zaidi ya 5, au mbio zao za kwanza zinaonekana nzito, Jumatano ilizidi.

Mpango huu una mipaka yake. Siku mbili kwa wiki hazitamgeuza mtu asiye na pumzi kuwa mkimbiaji. Hiyo ni kazi ya miezi kabla ya ligi kuanza. Na bonanza likiingia katikati ya wiki, mechi hiyo ndiyo Jumatano yako: futa mazoezi magumu, waliocheza wapumzike siku inayofuata, na Ijumaa ipunguzwe ibaki kona na mipira ya adhabu.