Hisa Zikigawanywa, Mali Haipungui

Mwaka 2009 Benki ya Equity iligawanya kila hisa yake moja kuwa kumi. Bei ya hisa moja ikashuka, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba siku ile wenye hisa waliliwa. Hakuna aliyeliwa.

Tuchukue mfano. Una hisa 100, kila moja shilingi 150. Mali yako ni shilingi 15,000. Zikigawanywa kwa kumi, unakuwa na hisa 1,000. Kampuni haikupata wala kupoteza hata senti, kwa hivyo kila hisa sasa ni ya shilingi 15. Zidisha: ni 15,000 zile zile, kama noti ya elfu iliyochenjiwa kuwa za mia.

Faida yake ni kwa mnunuzi mdogo. Soko la Nairobi wakati ule lilitaka ununue angalau hisa 100. Kwa bei ya mfano wetu, aliyehitaji 15,000 kuingia sasa anahitaji 1,500.

Ukiona bei imeanguka, angalia idadi ya hisa zako. Ikiwa haikuongezeka, hiyo ni hasara kweli.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ya mirathi. Cheti cha zamani cha marehemu kitasoma hisa 100, na warithi watagawana mia, ilhali daftari la kampuni lina elfu. Msihesabu kwa karatasi. Muulizeni msajili wa hisa kwanza.