Maombi Mengi, Kikomo Kimoja: Jinsi Idara za Kaunti Zinavyogawana Fedha

Mkulima wa Myanga akipanda boda boda kwenda Bungoma huenda akajiuliza kwa nini barabara ya kijiji kimoja imetengenezwa na ya kijiji cha pili imeachwa, hali zote mbili ziliombwa mwaka ule ule. Wengi hudhani kuwa jambo hilo huamuliwa siku ya kusomwa makadirio katika Bunge la Kaunti. Kwa kweli sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, katika chumba cha makarani, wakati maombi ya idara yanapopimwa na kikomo kilichowekwa na Hazina ya Kaunti.

Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 1913 ukiongezwa karne moja, yaani 2013, na kazi hii ya kugawa huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini waraka wa Hazina wa kuziamuru idara zitayarishe makadirio hutoka kabla ya tarehe 30 Agosti ya mwaka uliotangulia. Kufikia tarehe 28 Februari, Hazina hupeleka Bungeni karatasi ya mpango wa fedha, na ndani yake kila kundi la idara huonyeshwa kikomo chake, yaani kiasi cha juu kabisa kinachoweza kutumiwa. Makadirio kamili hufuata kabla ya tarehe 30 Aprili.

Kikomo hakitokani na mahitaji ya watu. Hutokana na fedha zinazotarajiwa: mgawo kutoka Nairobi, misaada yenye masharti, na mapato ya kaunti yenyewe, kama vile ushuru wa soko na leseni za biashara. Kwa hiyo idara ikiomba zaidi, haipati zaidi. Humnyima jirani yake tu.

Uchukuliwe mfano. Hesabu hizi ni za kufundishia, wala si za kaunti yo yote. Idara tatu zimepewa kikomo cha maendeleo cha shilingi milioni 90 kwa pamoja. Afya imeomba milioni 50, Barabara milioni 48, na Maji milioni 32. Jumla ni milioni 130, nayo imezidi kikomo kwa milioni 40.

Hatua ya kwanza ni kutenga madeni na kazi zilizokwisha anzwa. Katika maombi ya Afya zimo milioni 12 za mkandarasi aliyekwisha maliza zahanati na hajalipwa. Katika maombi ya Barabara zimo milioni 10 za daraja ambalo nguzo zake zimekwisha simamishwa. Milioni hizo 22 hazishindanishwi na maombi mapya, kwa kuwa deni lisiloandikwa halitoweki, bali litarudi mwaka ujao likila fedha za wengine. Zimebaki milioni 68, na maombi mapya ni milioni 108.

Hapa ndipo penye mtego. Njia iliyo rahisi, isiyomuudhi mkuu wa idara ye yote, ni kumpunguzia kila mmoja sawasawa, yaani senti 63 hivi kwa kila shilingi aliyoomba. Lakini wodi ya wazazi ya milioni 26 ikipewa milioni 16, haiwi wodi ndogo; huwa kuta zisizo na paa, na mvua ya masika huziharibu. Usawa wa namna hiyo huzaa kazi nyingi zisizokwisha.

Njia iliyo bora ni kupima kazi moja moja na kuuliza: fedha hizi zikitolewa, mwisho wa mwaka kitu hiki kitatumika? Afya ilikuwa imeomba wodi ya milioni 26 na ghala la dawa la milioni 12. Barabara iliomba njia ya kwenda zahanati, milioni 22, na njia ya pili, milioni 16. Maji iliomba kisima kirefu chenye pampu, milioni 14, na kuongeza mabomba, milioni 18. Kikao kikachagua wodi, njia ya zahanati na kisima, jumla milioni 62. Milioni 6 zilizobaki hazikutosha kumaliza kazi yo yote kati ya zile nyingine. Basi milioni 4 zikatengwa kwa kalvati zilizobomoka katika njia ya pili, ili ipitike wakati wa mvua, na milioni 2 kwa upimaji na michoro ya mabomba. Kikomo kikatimia, wala hakuna kazi iliyoanzishwa nusu.

Hata hivyo wodi haijengwi kwa saruji tu. Itahitaji wauguzi, na mishahara yao hutoka katika fungu la matumizi ya kawaida, si la maendeleo. Kanuni za mwaka 2015 zinaagiza kwamba mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Ikiwa kaunti imekwisha fika hapo, sharti ijulikane mapema wauguzi watahamishwa kutoka wapi. La sivyo mlango utafungwa kwa kufuli mpya.

Baada ya kuamua, kazi iliyo muhimu zaidi kwa karani ni kuandika yaliyokataliwa. Kila ombi hupewa mstari wake: kilichoombwa, kilichotolewa, sababu, madhara ya kukosa, nani aliyekubali, na lini litaangaliwa tena. Kwa mfano: “Ghala la dawa. Limeombwa milioni 12, limetolewa sifuri. Sababu: chumba cha zamani chaweza kutumika mwaka mmoja zaidi. Madhara: dawa zitaletwa kidogo kidogo, na gharama ya gari itaongezeka. Litaangaliwa Septemba.” Kuandika “fedha hazikutosha” si sababu, kwa maana hazikuwatosha wote, swali ni kwa nini hili liliachwa na lile likachukuliwa.

Mstari huo una faida Bungeni. Wajumbe wakitaka kuongeza fungu moja, sheria hudai kwamba lingine lipunguzwe kwa kiasi kile kile, na kanuni za 2015 huzuia badiliko la fungu lisizidi asilimia moja ya kikomo chake. Fungu la milioni 50 laweza kubadilika kwa shilingi 500,000 tu. Mjumbe mwenye daftari hilo mbele yake huona kitakachopotea kabla ya kuinua mkono.

Ziko hila mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni idara kushusha bei ya kazi ili iingie chini ya kikomo. Hutambulikana bei hiyo ikilinganishwa na ya kazi kama hiyo iliyomalizika mwaka uliopita. Ya pili ni kukiinua kikomo chenyewe kwa kukadiria mapato makubwa ya kaunti. Ikiwa ushuru uliokusanywa mwaka jana ulikuwa milioni 300, na mwaka huu imeandikwa 500 bila soko jipya wala leseni mpya, milioni 200 hizo ni za karatasi. Kazi zitapewa wakandarasi, fedha hazitafika, na madeni yatakuwa ya kwanza katika orodha ya mwaka unaofuata.

Kwa hiyo mtu wa Myanga aendapo kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, asiulize tu ni kazi gani zimekubaliwa. Na aulize ile njia ya pili imeandikwa wapi, kwa sababu gani iliachwa, na ni mwezi gani itaangaliwa tena.