Utangulizi: Uchungu wa Kisamvu na Uchungu wa Karela

Mwanafunzi wa Kakamega huingia katika fani hii ya mapishi akiwa na elimu ya jikoni tayari. Amekula lisutsa na mitoo iliyolazwa kwenye maziwa, amemwona nyanya yake akichuja munyu wa kienyeji kutoka kwenye majivu, na anajua kwamba mboga chungu hulainika ukiishughulikia. Tatizo ni kwamba amezoea kuuona uchungu wote kuwa kitu kimoja chenye dawa moja, yaani kuchemsha na kumwaga maji. Majani ya muhogo na karela vitatusaidia kuliondoa zoea hilo.

Tuanze na muhogo. Huku kwetu watu wengi huupanda kwa ajili ya mizizi, na majani yake huliwa zaidi Pwani, Tanzania na Kongo. Ndani ya jani mna linamarini, ambayo hukaa mbali na kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Ukilitwanga, kuta za seli hupasuka, kimeng'enya huivunja linamarini, na mwishowe hutoka haidrojeni sianidi. Hiyo ni sumu, lakini huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, kwa hiyo huondoka hewani kwa urahisi. Kutwanga, basi, ndiyo hatua inayoondoa sumu, na anayedhani ni ya kulainisha mboga tu ataifanya kwa haraka.

Sasa tazama kinachotokea kwa mpishi anayetupa majani mazima kwenye maji yanayotokota. Joto hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, ilhali linamarini yenyewe hustahimili joto. Kinachopungua ni ile tu inayoyeyukia kwenye maji, na maji hayo yasipomwagwa, sumu hubaki chunguni.

Chukua nusu kilo ya majani machanga ya kileleni. Ni laini, lakini kwa kawaida ndiyo yenye sianidi nyingi kuliko yaliyokomaa. Ondoa vikonyo, osha, kisha twanga kwa dakika 10 hadi pasionekane kipande cha jani, rojo la kijani kibichi tu. Katika vipimo vya Howard Bradbury na Ian Denton wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, baada ya kutwanga hivyo ilibaki zaidi kidogo ya robo ya sianidi, na kuosha mara mbili kwa maji baridi kuliishusha hadi karibu moja ya kumi. Ukipata muda, tandaza rojo kwenye ungo juani saa mbili kabla ya kuosha. Osha mara mbili, kamua, kisha chemsha bila kufunika mwanzoni ili mvuke utoke.

Munyu, kwa maoni yangu, uje mwishoni kabisa. Maji ya majivu yakiwa makali huifunga sianidi ndani ya maji, na ikiwa si gesi haitaruka. Anayeuweka mapema ili mboga iive upesi anaizuia sumu kutoka.

Karela ni habari nyingine. Uchungu wake hutokana na momordisini na jamaa zake, ambazo haziruki hewani wala hazina kimeng'enya cha kuzivunja unapokata. Paruza nundu za ganda, pasua, toa mbegu na utando wake mweupe, kata vipande vyembamba, nyunyizia kijiko kidogo cha chumvi kwa karela mbili au tatu, uache nusu saa. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye seli, na maji hayo hubeba sehemu ya uchungu. Kamua na usuuze. Chumvi inayobaki ina kazi ya pili: huufanya ulimi usihisi uchungu sana, hata pale uchungu wenyewe haujapungua. Kwa kuwa momordisini haziyeyuki vizuri majini, usitarajie ziishe. Ndiyo maana wapishi humalizia kwa ukwaju na sukari guru, ambayo Kakamega haina uhaba nayo.

Kwa karela, ulimi ndio kipimo: onja kipande, ukiridhika pika. Kwa muhogo ulimi hautoshi, kwani hata aina inayoitwa tamu kwa mizizi yake huwa na majani yenye sianidi ya kutosha kudhuru. Katika maabara tutatumia karatasi ya pikrati. Rojo la majani huwekwa ndani ya kichupa kilichofungwa pamoja na karatasi hiyo ya manjano, na kesho yake hutazamwa imeelekea wekundu wa hudhurungi kiasi gani.

Upo pia uchungu usioondolewa kabisa. Mumunye ukionja mbichi ukawa mchungu, una kukabitasini. Kuupika hakusaidii, na waliolazimisha kuula au kunywa maji yake wameishia kutapika na kuhara damu. Huo tema, suuza mdomo, utupe wote pamoja na mbegu zake, zisije zikapandwa.