Zamu za wanafunzi na msimu wa dagaa Nchelenge

Mfanyabiashara wa samaki wa Kashikishi, mji wa soko ulioshikana na Nchelenge kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, anapowaajiri wanafunzi kwa saa chache kwa wiki, huwa na kalenda mbili mkononi, na kalenda hizo hazipatani. Shule inafuata mihula mitatu: Januari hadi Aprili, Mei hadi Agosti, na Septemba hadi Desemba. Ziwa linafuata mwezi, mvua na sheria. Dagaa wadogo wa Mweru, wanaoitwa chisense, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti vizuri na mashua hurudi na kidogo. Usiku wa giza huleta mzigo mkubwa, nao ni lazima uanikwe haraka kabla haujaharibika.

Ugumu unafika kileleni Oktoba na Novemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo Baraza la Mitihani la Zambia huwapa watahiniwa wa darasa la 12 karatasi zao za mwisho. Ndiyo pia miezi ya mwisho kabla uvuvi haujafungwa, kwa kuwa katika Mweru na Mto Luapula marufuku ya kila mwaka huanza tarehe 1 Desemba na kwisha mwishoni mwa Februari. Wachuuzi hukimbilia kujaza magunia, na mvua za kwanza huwalazimu kuanua samaki kila wingu linapotanda. Kisha wanafunzi wanafunga shule Desemba, wana siku nzima mikononi, na soko limepoa. Kwa hiyo mwajiri anayemwambia kijana wa darasa la 12, “Soma sasa, saa zako utazifidia Desemba,” anaahidi kazi ambayo haitakuwepo. Saa za kufidia zitafutwe nyuma, katika likizo ya Agosti, wakati ziwa liko wazi na jua ni kali.

Kabla ya ratiba kuna swali la nani anaruhusiwa kuajiriwa. Sheria ya Ajira ya Zambia, namba 3 ya mwaka 2019, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 15, isipokuwa kazi nyepesi kwa mwenye miaka 13 na kuendelea, mradi isimzuie kuhudhuria shule. Kwa mtahiniwa wa darasa la 12, ambaye kwa kawaida ameupita umri huo, umri si kikwazo, lakini zamu ya usiku majini haimfai mwanafunzi yeyote. Kazi zinazomfaa ni za nchi kavu: kuanika asubuhi, kuanua alasiri, kupepeta mchanga, kufungasha na kuuza.

Ratiba nzuri huanza kwa kuandika saa ambazo mwanafunzi hapatikani. Ukimuuliza kijana anayehitaji pesa lini ana nafasi, atajibu kwa matumaini. Mwombe ratiba ya darasa iliyotoka shuleni, uweke alama kwenye vipindi vyote, kisha uongeze muda wa kutembea, wa kula na wa masomo ya ziada. Ratiba ya wiki ya kwanza ya muhula haiaminiki, kwa sababu walimu bado wanagawana vipindi. Ipitiwe upya wiki ya tatu. Hata tarehe za serikali husogea: mwaka 2024 shule za Zambia, zilizotarajiwa kufunguliwa Januari, zilifunguliwa tarehe 12 Februari kwa sababu ya kipindupindu.

Kosa jingine linafanyika siku ya kuajiri. Kijana mmoja mzuri humleta rafiki yake, na rafiki huyo ni wa darasa lilelile. Mwezi Machi jambo hilo linapendeza, kwani wanafika pamoja na wanaelewana. Novemba wote wanaondoka siku moja. Dawa yake ni kuchanganya: asizidi mmoja au wawili wa darasa la mtihani, na wengine watoke madarasa ya chini, vyuoni, au katika shule zenye mkondo wa mchana.

Mfano wa kubuni unaonyesha hesabu inavyokwenda. Tuseme kibanda kinahitaji watu wawili kila alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na watu watatu Jumamosi kwa saa sita. Hiyo ni saa 30 za siku za kawaida na 18 za Jumamosi, jumla 48. Kikomo cha kila mwanafunzi wiki ya masomo ni saa 15. Wapo watano: Wa Kwanza na Wa Pili ni wa darasa la 12, Wa Tatu ni wa darasa la 11, Wa Nne anasoma chuo na ana vipindi Jumatatu na Jumatano alasiri, Wa Tano yuko mkondo wa mchana, hivyo anaanika asubuhi, nje ya hesabu hii, na Jumamosi yuko huru.

Chukua wiki ya tarehe 9 Novemba 2026. Jumatatu hiyo mwezi ni mwandamo, usiku ni giza, mzigo utakuwa mkubwa. Kanuni ya mtihani ni moja: hakuna kazi siku ya karatasi kabla haijaandikwa, wala alasiri inayotangulia karatasi ya kesho. Wa Kwanza ana karatasi za alasiri Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kati ya karatasi hizo hana alasiri inayofaa, na Jumamosi ni ya kupumzika; anaondolewa wiki nzima. Wa Pili ana karatasi moja tu, Jumanne asubuhi, na inayofuata ni Jumatatu ya wiki ijayo. Anapewa Jumatano na Alhamisi, na mwisho wa wiki anaachiwa asome.

Panga kwanza siku yenye watu wachache, maana huko ndiko pengo linakojitokeza. Jumatatu na Jumatano Wa Nne yuko chuoni. Jumatatu anabaki Wa Tatu peke yake, Jumatano Wa Pili peke yake. Jumanne na Ijumaa wanaingia Wa Tatu na Wa Nne. Alhamisi Wa Pili na Wa Nne. Jumamosi Wa Tatu, Wa Nne na Wa Tano. Wa Tatu na Wa Nne wamefika kikomo cha saa 15 kila mmoja, Wa Pili ana saa 6, Wa Tano 6. Jumla 42. Zimepungua saa 6, na zimejulikana ni zipi: Jumatatu na Jumatano alasiri.

Kishawishi ni kumwongezea Wa Tatu Jumatano, kwa kuwa hana mtihani wa taifa. Lakini naye ana majaribio ya mwisho wa muhula, na tayari amefika kikomo cha saa 15. Saa hizo 6 apewe kibarua mtu mzima, aliyeambiwa wiki mbili kabla. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia la dagaa lililolowa mvua.

Wiki ya tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo hali ni kinyume: mwezi ni mpevu, mzigo ni mdogo, mtu mmoja kila alasiri anatosha. Hapo watahiniwa wote wawili waachiwe bila kungoja waombe. Kuomba ruhusa ni kugumu kwa kijana anayelipia sare za wadogo zake, na wengi huficha tarehe za karatasi ili wasipoteze malipo. Dalili hujionyesha: anayewahi siku zote anaanza kuchelewa, anabadilishana zamu mara kwa mara, au anakosea mizani jioni. Mwajiri aombe nakala ya ratiba ya mitihani mara inapotoka, akikumbuka kwamba mitihani ya vitendo ya sayansi inaweza kutangulia karatasi za kuandika.

Mtahiniwa wa darasa la 12 akimaliza Novemba, kwa kawaida harudi Machi uvuvi unapofunguliwa. Mrithi wake, wa darasa la 10 au 11, aajiriwe Septemba kwa zamu moja ya Jumamosi kwa wiki, ajifunze kupepeta, kupima na kufunga magunia wakati anayeondoka bado yupo wa kumwonyesha.