Nembo nzito kwenye fulana: bakingi ya kuchana au ya kukata?

Chukua fulana ya kola, ya pamba, na nembo ya shule ya upana wa sentimita 9 kifuani, yenye mishono kama 8,000 iliyojazwa bila upenyo. Kitambaa kinavutika, nembo ni nzito. Ikitoka kwenye mashine, pembeni mwa nembo kunakuwa na makunyanzi ambayo hata pasi ya moto haiyatoi.

Kinachotokea ni hiki: uzi ukiwa umekazwa, kila mshono unavuta kitambaa kidogo kuelekea ndani, na uzi wenyewe nao unadai nafasi katikati ya nyuzi za kitambaa. Mishono elfu kadhaa ikivuta pamoja, lazima nyuma pawe na kitu kigumu cha kukataa. Kitu hicho ndicho bakingi.

Bakingi ya kuchana inafanana na karatasi na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Ubaya wake kwenye nembo iliyojaa ni kwamba sindano inaitoboa toboa hadi inaachia mashine ikiwa bado inafanya kazi, na sehemu ya mwisho ya nembo inashonwa bila msaada wowote. Utalitambua tatizo hilo kwa mstari wa pembeni: unakuwa umeachana na rangi ya ndani, pengo linaonekana. Bakingi ya kukata haichaniki kwa mkono. Unaipunguza kwa mkasi ukiacha kama sentimita 1 kuzunguka nembo, na hiyo iliyobaki inaishikilia kazi kila fulana inapofuliwa. Kwa nembo tuliyoitaja, ya gramu 70 hadi 80 kwa mita ya mraba inatosha. Fulana ikiwa nyeupe na nyepesi, bakingi hiyo itaonekana kwa mbele kama kivuli cha mraba. Hapo tafuta ile laini ya matundu madogo, uweke tabaka mbili.

Sasa hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo weka za duka lako mahali pa hizi za mfano. Roli ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 50 inatoa vipande 1,250 vya sentimita 20 kwa 20. Ya kuchana ikiwa shilingi 100,000, kipande ni shilingi 80. Ya kukata ikiwa 150,000, kipande ni 120. Tofauti ni shilingi 40 kwa fulana. Wengi wakiona makunyanzi huongeza tabaka la pili la ile ya kuchana, na hapo wameshafika 160, yaani wamepita bei ya kipande kimoja cha ya kukata, na bado tabaka zote mbili zinatobolewa na sindano ileile. Fulana tupu ikiwa 12,000, ukiharibu moja umekula akiba ya fulana 300. Mimi kwa kitambaa kinachovutika sioni sababu ya kubishana na hesabu hiyo.

Lakini bakingi nzuri haiokoi fulana iliyovutwa kwenye fremu. Ule ushauri wa kukaza mpaka kitambaa kilie kama ngoma unafaa kwa kitambaa kigumu cha kufumwa kama dengrizi, na kwa bakingi yenyewe. Fulana inatakiwa ilale tu, bila mkunjo na bila kuvutwa. Jipime hivi: kabla ya kuifunga, chora kwa chaki mstari wa sentimita 10 kwenda upande wa mabega. Funga fremu, pima tena. Ukisoma 10.5, umevuta, mashine itashona juu ya kitambaa kilichonyooshwa, kisha ukikitoa kitarudi kwenye 10 huku nembo ikibaki ilivyo, na ile ziada itajikusanya kuizunguka. Makunyanzi yanayotokea papo hapo fremu inapofunguliwa mara nyingi yanatoka hapo.

Rekebisha skrubu kabla, ili fremu ya ndani iingie kwa kusukumwa na kiganja, na bakingi ibanwe pande zote nne pamoja na fulana. Ukishafunga, usivute kingo za kitambaa kuondoa mkunjo. Fungua uanze upya. Tumia pia fremu ndogo kuliko zote inayoweza kubeba nembo, kwa kuwa nafasi tupu inakiachia kitambaa kucheza.

Kama mstari wa chaki haukubadilika, bakingi ni ya kukata, na makunyanzi bado yapo, angalia faili. Nembo iliyochorwa kwa mistari iliyoachana milimita 0.4, ikipunguzwa hadi asilimia 80 bila mishono kupigiwa hesabu upya, mistari inasogeleana hadi 0.32, msongamano ambao fulana haiwezi kuubeba. Mwambie aliyeitengeneza aitoe upya kwa ukubwa unaotaka.

Ile roli ya kuchana usiitupe. Aproni za drili, mifuko ya turubai na kofia ngumu zinatoka vizuri nayo, kwa sababu kitambaa chenyewe kinajishikilia.